Juu ya miye

Mwezi wa Oktoba mwaka jana, siku mvua ya kwanza iliponyesha Likasi, mama mmoja aliniletea barua tatu, akitaka niziandike upya kwa Kiswahili cha Tanzania kabla ya kupambazuka. Sitataja jina lake. Nitamwita Mama Kikula, kwa jina la komini anayokaa. Wakati wa likizo mimi huketi katika kibanda cha fotokopi cha mjomba wangu, karibu na barabara inayotoka Kolwezi kwenda Lubumbashi, na watu hunijia ili niwaandikie barua za kuomba kazi au niwasomee karatasi za serikali. Kwa kuwa wanajua ninasoma lugha, huniita mwalimu, ingawa bado sijamaliza hata tasnifu.

Mama Kikula ni mjane. Bwana yake alikuwa Mtanzania, dereva wa lori. Wasomaji wa Katanga wanaijua safari hiyo: lori linapakia mabamba ya shaba upande wa Kolwezi, linapita Likasi na Lubumbashi, linapanga foleni Kasumbalesa, linaikata Zambia yote mpaka Nakonde, linaingia Tanzania kwa mlango wa Tunduma, na hatimaye linafika bandari ya Dar es Salaam. Kati ya kwenda na kurudi, dereva huyo alijenga nyumba Kikula na kuzaa watoto wawili. Alikufa mwezi wa Juni, katika ajali ya usiku kati ya Lubumbashi na Likasi. Mdogo wake alikuja kuchukua maiti ili ikazikwe kwao, na Mama Kikula hakupata njia ya kwenda mazishini.

Dereva mmoja rafiki ya marehemu alikuwa ameegesha lori lake mjini, naye angeondoka saa kumi na moja alfajiri. Barua zingekwenda naye hadi mkononi mwa mama mkwe. Mimi niliona kazi nyepesi. Nilimwambia: "Lakini Mama, hiki na kile chote ni Kiswahili. Watakuelewa." Hakunijibu. Alifungua pochi, akatoa karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne, akaniwekea mezani.

Yalikuwa majibu ya barua yake ya kwanza, ile aliyoituma mwezi wa Julai bila msaada wa mtu. Yaliandikwa na mjukuu kwa niaba ya bibi yake, kwa mwandiko mzuri wa shule. Yalisema kwamba mama mkwe amefurahi sana kusikia kuwa mwanawe mdogo aliitosheleza nyumba ya marehemu kwa kila kitu, na kwamba Mungu ambariki kwa moyo huo.

"Sasa wewe mwenyewe uangalie," Mama Kikula aliniambia. "Miye niliandika: ndugu ya bwana alikuya kutosha bintu yote mu nyumba."

Sisi tuliokulia hapa hatuhitaji maelezo. Kwetu kutosha ni kuondoa, kutoa kitu mahali kilipokuwa. Shemeji yake alikuja kuchukua maiti, akakaa wiki nzima, akaondoka na televisheni, magodoro mawili na mashine ya kushona. Mashine haikuwa hata ya marehemu, ilikuwa yake yeye mjane, na ndiyo iliyolisha watoto. Lakini mjukuu wa Tanzania alisoma kutosha kwa maana ya shuleni kwake, yaani kuwa na kiasi kinachofaa, akajitahidi kuipatia sentensi ile maana iliyo njema. Malalamiko yakageuka kuwa shukrani. Mwizi akaombewa baraka.

Hapo nikaelewa kwa nini mama huyu hakutaka tena kuandika peke yake. Nilimwambia arudi saa kumi na nusu. Akaenda kulala kwa dada yake, nami nikabaki na barua tatu, kurasa saba za daftari la shule kwa jumla, na kalamu.

Saa za kwanza nilifanya kazi tuliyofundishwa na walimu wetu. Nilisoma barua zote tatu mpaka mwisho kabla ya kuandika neno lolote. Hilo lenyewe halikuwa rahisi, maana Mama Kikula anaandika anavyosikia. Maneno mawili yanashikana kuwa moja, na neno moja linakatwa katikati. Ali fwa. Juuyamiye. Minalomba unisameye. Macho yangu yaliyozoea vitabu yalikwama kila mstari.

Nilikumbuka somo tulilopewa kuhusu Msamiati wa Mji wa Elisabethville, ile historia iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian alipoitayarisha kwa kuchapishwa mwaka 1990, alikuta matini isiyosomeka kwa macho peke yake. Kalundi Mango, mtu wa huku kwetu, aliisoma kwa sauti, na sauti ikarudisha mipaka ya maneno na ya sentensi ambayo maandishi yalikuwa yameipoteza. Nikafanya vivyo hivyo. Nilifunga mlango wa kibanda ili wapita njia wasinicheke, nikazisoma barua kwa sauti, polepole, kama mtu anayezungumza na mama mkwe wake. Kurasa zikafunguka. Juuyamiye likawa juu ya miye. Nikasikia pia mahali mwandishi alipokata pumzi, na mahali alipoharakisha kwa hasira.

Kisha nikaandika orodha ya maneno yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana, kwa sababu ndiyo yaliyoiua barua ya kwanza. Kutosha lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa bibi. Mama Kikula ameandika mara nne: miye niko bibi yake ya kweli, hapana bibi ya njiani. Kwetu bibi ni mke. Kwa mjukuu yule, bibi ni mama wa mzazi wake, na angeshangaa kuona mjane akidai kuwa nyanya ya marehemu. La tatu lilikuwa kupika. Mama anasema kwamba alipokataa kutoa mashine, shemeji alitaka kumupika. Sauti ya g tumeigeuza k, na kupiga kwetu kunaandikwa kama kazi ya jikoni. Maneno haya hayakunisumbua. Mtafsiri anayeandika alitaka kunipiga hafanyi huruma wala ukatili. Anatimiza wajibu tu, na anayeacha alitaka kunipika kwa kisingizio cha uaminifu hakuwa mwaminifu kwa yeyote. Nilitafsiri barua ya kwanza na nusu ya pili kabla ya saa nne, nikajiona hodari.

Umeme ukakatika. Niliwasha mshumaa, na mbele ya mshumaa nikafika mahali ambapo orodha yangu haikusaidia tena.

Jambo la kwanza lilikuwa salamu. Barua zote tatu zinaanza na maneno mawili tu: Jambo mama. Kwetu hiyo ni salamu kamili. Unamwambia jambo mkubwa na mdogo, na hakuna anayekasirika. Lakini nilijua kwamba Tanzania mkwe hamsalimii mama wa bwana yake kwa jambo. Anamwambia shikamoo, na mzee anaitikia marahaba. Barua isiyo na shikamoo ingesomwa kama barua ya mtu asiye na adabu, au mwenye ugomvi. Nikajiuliza kama nina haki ya kuweka neno ambalo hakuliandika. Nilijijibu upesi kwamba matini lengwa ina msomaji wake, kwamba salamu hutafsiriwa kwa salamu, na kwamba heshima aliyoikusudia Mama Kikula ndiyo niliyoibeba. Nikaandika Shikamoo mama juu ya kurasa zote tatu. Naomba msomaji akumbuke jinsi nilivyoamua upesi.

Jambo la pili lilikuwa neno mwizi. Katika barua ya pili ameandika hivi: mutoto yako ile ya pili njo mwizi, alitosha mashini yangu, hata nguo ya deni ya batu ilikuwa juu yake. Yaani hata nguo za wateja, ambazo sasa anadaiwa, zilikuwa juu ya mashine. Hapa hakuna tatizo la maana. Mwizi ni mwizi pande zote mbili za Tunduma. Tatizo lilikuwa mama atakayesomewa neno hilo na mjukuu, labda mbele ya mwizi mwenyewe. Nilimwona akiambia mtoto afunge barua, asiendelee. Na ombi lenyewe, arudishiwe mashine yake, liko mistari sita chini. Neno moja la ukali lingeweza kuzuia masikio yasifike huko.

Nikaandika: mwanao wa pili alichukua cherehani yangu bila ruhusa. Nikaisoma kwa sauti. Ilikuwa sentensi ya mtu aliyeketi ofisini. Nikaifuta, nikaandika: mwanao wa pili ni mwizi. Nikaisoma. Moyo wangu ukadunda kana kwamba mimi ndiye niliyemtukana mzee wa watu. Nikaweka alama ya kuuliza pembeni na kusonga mbele.

Antoine Berman, katika maandishi yake ya mwaka 1985, alitaja mielekeo mbalimbali ya kuiharibu matini ambayo mtafsiri huifuata bila kujijua, na mmojawapo ni kuipamba. Mtafsiri huchukua matini kama udongo ghafi, akaifinyanga iwe nzuri kuliko alivyoiandika mwenyewe. Tulipoisoma habari hiyo darasani nilidhani inahusu washairi na waandishi wa riwaya. Usiku ule niliona kwamba ina nguvu zaidi kwa watu maskini. Hakuna anayethubutu kumrekebisha mwandishi mashuhuri bila kuogopa wasomi. Mjane mwenye kurasa saba za daftari hana wasomi wa kumlinda. Kila nilipolainisha sentensi yake niliiita huruma, na pengine ilikuwa huruma, lakini ilitoka pia katika ile imani kwamba mimi najua kusema kuliko yeye.

Jambo la tatu lilikuwa barua ya mwisho. Ni fupi, ukurasa mmoja na mistari mitano. Katikati yake imo sentensi hii, ninaiandika kama ilivyo: mama bwana ali fwa juuyamiye, minalomba unisameye.

Fikiri jinsi itakavyosomwa kule. Juu ya, katika Kiswahili sanifu, ni mahali kwanza: juu ya meza, juu ya mti. Mwanaume aliyekufa juu ya mke wake! Mjukuu angeona haya kuisoma, na watu wazima wangeelewa jambo ambalo halikutokea kamwe, jambo la aibu, na wangesimuliana kijiji kizima. Kwa hiyo tafsiri sisisi ilikuwa imefungwa tangu mwanzo. Ilibidi nichague.

Lakini juu ya yetu ni neno lenye mikono miwili. Tukiuliza juu ya nini, tunauliza sababu. Tukisema minatumika juu ya batoto, tunasema ninafanya kazi kwa ajili ya watoto. Neno lile lile linabeba chanzo na kusudi, kosa na upendo. Kiswahili sanifu kinanidai nitenganishe. Naweza kuandika alikufa kwa ajili yangu, na marehemu anakuwa mtu aliyejitoa kwa ajili ya mke wake. Au naweza kuandika alikufa kwa sababu yangu, na mjane anakuwa amekiri. Hakuna sentensi ya tatu iliyo karibu nao.

Uzito wa kukiri huko haukuwa mdogo. Katika barua ya pili Mama Kikula anasema shemeji alimwita mulozi mbele ya majirani, kwamba ndiye aliyemla bwana yake. Mtu aliyekwisha kuitwa mchawi akiandika kwa mkono wake alikufa kwa sababu yangu, naomba unisamehe, anampa adui wake karatasi yenye sahihi. Niliona karatasi hiyo ikipita mkono kwa mkono. Na mkono ulioiandika kwa wino ungekuwa wangu.

Saa saba usiku niliandika kwa ajili yangu. Ilikuwa sentensi nzuri. Mama mkwe angelia, lakini angelia vizuri. Nikaanza kuinakili barua kwa usafi. Nilipofika mistari ya chini kalamu ikasimama, kwa sababu ya lile neno unisamehe. Mtu aliyekufa kwa ajili yako humwombei msamaha. Unamshukuru. Kama ningeweka kwa ajili yangu, basi naomba unisamehe ingebaki inaelea bila mzizi, na ningelazimika kuibadilisha nayo. Ndivyo mtu anavyotambua kwamba ameacha njia: tendo moja la wema linadai la pili, kisha la tatu, mpaka barua si ya mwenyewe tena. Nikairarua karatasi.

Saa nane niliandika kwa sababu yangu, nikaiacha mezani, nikaiangalia. Sikuweza kuinakili hiyo nayo. Kuna aliyenifundisha kwamba mtafsiri aliyekwama ana mashahidi watatu: matini, kamusi na mwandishi. Matini ilikuwa imesema yote iliyoweza. Kamusi ziliandikwa mbali na Kikula. Mwandishi alikuwa amelala mitaa michache kutoka hapo, na mimi kwa saa sita nilikuwa nikibishana na nafsi yangu kuhusu moyo wake, kana kwamba naye amekufa. Walimu wengi wa nadharia wanashughulika na waandishi waliokwisha kuzikwa, labda ndiyo maana jambo hilo lilichelewa kunijia. Nilinakili barua mbili za kwanza, nikaacha nafasi tupu mahali pa mwizi na katikati ya barua ya mwisho, nikalaza kichwa juu ya meza.

Mama Kikula alifika kabla ya saa aliyopewa, kitenge kimelowa mvua. Sikumwuliza kwa maneno ya darasani. Nilimsomea kwa sauti nilichoandika, polepole, akatikisa kichwa kwa kukubali hapa na pale, akacheka kidogo nilipomweleza habari ya bibi. Tulipofika kwa mwizi nikasimama.

"Mama, hapa uliandika ni mwizi. Niandike hivyo hivyo?"

Alifikiri. Nilikuwa na hakika kwamba atashikilia.

"Hapana," alisema. "Ile siku nilikuwa na kasirani. Andika tu: alibeba mashini, na mashini ni ya miye. Mama anajua mutoto yake. Hana lazima ya kuambiwa."

Sentensi yake ilikuwa bora kuliko zangu zote mbili. Haikulainisha kitu, na haikutukana. Alichukua cherehani, na cherehani ni yangu. Nikaijaza nafasi ya kwanza.

Tulipofika barua ya mwisho nilimweleza njia mbili. Nilimwambia kwamba moja itamfanya mama mkwe amwonee huruma, na nyingine inaweza kutumiwa na shemeji. Nakiri kwamba nilizieleza kwa namna ya kumvuta upande wa kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi juu ya kibao cha wateja.

"Sikia, mutoto yangu. Bwana alikuwa Kasumbalesa, ku foleni, siku ya tatu. Mutoto yetu alikuwa na malaria, alikuwa anatetemeka. Miye niliogopa. Nilimupigia simu, nikamwambia kuya leo leo. Akaniambia nitakuya kesho mu mwangaza. Nikakataa. Nikalia mu simu. Njo akaacha gari kwa mwenzake, akapanda taksi ya usiku. Na mutoto, asubui, homa ilikuwa imeshuka."

Akanyamaza. Nje lori lilikuwa limeanza kuunguruma.

"Ile mama anazani mutoto yake alikufa ku kazi. Hajue alikuwa anakuya nyumbani. Niandike alikufa juu ya kunipenda? Itakuwa namna gani, nijisifu na kifo yake? Na bakisema uchawi, basi ajue uchawi yangu ilikuwa simu."

Nilimwuliza kama hiyo ndiyo sentensi. Alisema ndiyo. Tukaitafuta pamoja, yeye akisema na mimi nikijaribu, mara tatu au nne, mpaka tukapata hii: Mama, alikufa usiku akija nyumbani kwa sababu mimi nilimwita, naomba unisamehe.

Ukiipima kwa neno, imezidi. Nyumbani haimo, usiku haimo, nilimwita haimo. Ukiipima kwa huruma, haimfichi mwandishi hata kidogo, na inatamka kosa lake wazi kuliko alivyoliandika mwenyewe. Lakini imefanya kazi ambayo kihusishi pekee hakingeweza. Kwa sababu yangu inaacha shimo, na kila msomaji angelijaza kwa anachokishuku. Kwa sababu mimi nilimwita inaweka tendo ndani ya shimo hilo, na mchawi hana pa kukaa. Usiku mzima nilikuwa nimetafuta kati ya maneno mawili, sisisi na pole, na lililokosekana lilikuwa habari yenyewe, aliyokuwa nayo mwenye barua.

Alinilipa, akabeba bahasha, akavuka barabara kumpa dereva. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nikatunga kichwani makala hii, ambayo ilikuwa imalizike hapo.

Majibu yalikuja mwezi wa Desemba kwa dereva yule yule. Mama Kikula aliyaleta kibandani. Mwandiko ulikuwa wa mjukuu yule yule, lakini barua ilikuwa fupi. Mama mkwe alisema cherehani ameiona, sasa iko chumbani kwake, na inatafutiwa lori. Alisema habari ya simu ameisikia, na kwamba yeye naye aliwahi kumwita baba wa watoto wake usiku. Hakuandika neno nimekusamehe, wala hakulikataa. Na barua yote ilianza hivi: Marahaba mwanangu.

Mama Kikula aliweka kidole juu ya neno hilo.

"Hii anaitikia nini?"

Nilimweleza kwa kujiamini: kwamba huku kwetu jambo inatosha, lakini kule mama mkwe husalimiwa shikamoo, kwamba nilijua hakuwa na habari ya desturi hiyo, hivyo nikamsaidia.

Aliniangalia kwa muda.

"Shikamoo ninaijua. Bwana alinifundisha mwaka ya kwanza, juu nimusalimie mama yake mu simu. Siku bwana alikufa, nilimupigia, nikamwambia shikamoo mama. Hakuitika. Alikata simu. Njo nikasema, sitamupatia tena ile neno mpaka yeye mwenyewe anitafute."

Sikuwa na la kujibu. Mahali pawili nilipokuwa na shaka niliuliza, na nikapata jibu. Mahali nilipokuwa na hakika sikuuliza. Nilisoma jambo kama upungufu wa mtu asiyejua, kumbe lilikuwa neno lililochaguliwa, zito kuliko mwizi. Kwa mkono wangu nilimfanya ainamishe kichwa kwanza, bila yeye kujua, na mama wa upande wa pili akaitikia kichwa kilichoinama ambacho hakikuwahi kuinama.

Nilimwomba msamaha. Alisema si kitu, kwa sauti ya mtu ambaye ni kitu. Kisha akakunja barua mara nne, akairudisha katika pochi, akanunua kalamu moja. Kabla ya kutoka alinitaka nimwonyeshe jinsi marahaba inavyoandikwa, herufi kwa herufi, akainakili juu ya kiganja chake.

Mpaka ninapoandika haya, cherehani haijafika Likasi.